Mistari Miwili Iliyofanana

Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo aliniita ofisini kwake asubuhi moja, akageuza kioo cha kompyuta kunielekea. Palikuwa na mistari miwili: mwanachama namba 0412, tarehe 14 Machi, shilingi 50,000, kwa simu. Mistari hiyo haikutofautiana hata kwa nukta.

"Mwanangu, huyu bwana amelipa mara moja tu," aliniambia. "Risiti yake hii hapa. Nikifuta mstari mmoja, yote miwili inaondoka. Nikiuacha, hesabu inazidi."

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mlipotuhamishia mfumo mpya."

Sikuwa mimi niliyeuhamisha, lakini hilo halikuwa la kubishania. Alichokisema kilikuwa sahihi neno kwa neno. Jedwali la malipo halikuwa na ufunguo msingi, na kwa hiyo mashine haikuwa na njia ya kusema "ule wa pili, si ule wa kwanza."

Ufunguo msingi ni safu moja, au safu kadhaa zikiwa pamoja, ambayo kwa kila mstari wa jedwali ina thamani isiyojirudia na isiyoachwa wazi kamwe. Neno hilo limo katika makala ya mwaka 1970 ambayo Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliieleza dunia jinsi ya kuhifadhi taarifa kwa majedwali yanayohusiana. Katika rejista ya shule, namba ya usajili ndiyo ufunguo: Juma Hamisi wanaweza kuwa watatu, lakini namba 217 ni ya mmoja. Ukiiondoa namba hiyo, unabaki na majina, na majina hayatoshi.

Kutengeneza jedwali moja lililoharibika ni kazi ya nusu saa. Swali lililonisumbua siku ile lilikuwa jingine: yako mangapi mengine? Seva ya chama kile ilikuwa na kanzidata tatu: `chama` iliyokuwa ikitumika, `mikopo`, na `chama_zamani` iliyoachwa baada ya kuhama. Ndani yake kulikuwa na majedwali 118. Ningeweza kuyafungua moja moja na kuutazama muundo wake, lakini mtu anayetazama majedwali 118 kwa macho huchoka akifika la arobaini, na la arobaini na moja ndilo litakalompita.

Bahati nzuri kanzidata hujiandika yenyewe. Pembeni ya taarifa za watu, hutunza taarifa za mwili wake: ina majedwali gani, kila jedwali lina safu gani, na safu hizo zimewekewa masharti gani. Daftari hilo huitwa `information_schema`. Liliingizwa katika kanuni za lugha ya SQL mwaka 1992, PostgreSQL ikawa nalo kuanzia toleo la 7.4 na MySQL kuanzia toleo la 5.0. Uzuri wake ni kwamba husomwa kwa lugha ileile unayotumia kuwatafuta wanachama na malipo yao.

Kwa kazi yetu tunahitaji kurasa mbili tu za daftari hilo. Ya kwanza ni `tables`, inayoorodhesha majedwali yote. Ya pili ni `table_constraints`, inayoorodhesha masharti yote: kila ufunguo msingi una mstari wake humo, na kila sharti la kutojirudia, na kila ufunguo unaoelekeza kwenye jedwali jingine. Jedwali lenye ufunguo msingi litaonekana katika kurasa zote mbili. Lisilo nao litaonekana katika ya kwanza, na ukilitafuta katika ya pili kwa jina la ufunguo msingi hutalikuta. Kwa hiyo tunachotafuta ni pengo, kama mwalimu anayeita majina na kusikiliza ni nani ambaye hakuitika.

Kwa MySQL, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo, swali huandikwa hivi:

```sql
SELECT t.table_schema, t.table_name, t.engine, t.table_rows
FROM information_schema.tables AS t
LEFT JOIN information_schema.table_constraints AS c
  ON  c.table_schema = t.table_schema
  AND c.table_name = t.table_name
  AND c.constraint_type = 'PRIMARY KEY'
WHERE t.table_type = 'BASE TABLE'
  AND t.table_schema NOT IN
      ('mysql','information_schema','performance_schema','sys')
  AND c.constraint_name IS NULL
ORDER BY t.table_rows DESC;
```

Maneno `LEFT JOIN` ndiyo yanayoita majina: chukua kila jedwali, liwe na mwenzake upande wa pili au lisiwe naye. Penye kukosa mwenzake, nafasi ya upande wa pili hubaki tupu, na mstari wa `IS NULL` huwabakiza hao tu. `BASE TABLE` huondoa majedwali ya kuangalia tu, yale yasiyohifadhi kitu chake chenyewe na kwa hiyo hayahitaji ufunguo. Majina manne yaliyo katika mabano ni ya kanzidata za MySQL yenyewe, ambazo hatuna ruhusa wala sababu ya kuzigusa.

Swali hili ni fupi, lakini si hili nililoliandika siku ile mara ya kwanza. Nililiandika kwa haraka, nikaacha mstari unaolinganisha `table_schema`, nikaunganisha kurasa mbili kwa jina la jedwali peke yake. Mashine haikulalamika. Ilinirudishia majedwali tisa, orodha safi yenye kuaminika kwa macho. Nilikwisha kuanza kuinakili nilipogundua kwamba `malipo` haimo.

Jedwali ambalo mama yule alinionyesha kwa kidole, lililofuta mistari miwili ulipotaka mmoja, halikuwa katika orodha ya majedwali yasiyo na ufunguo. Nilikaa nikilitazama lile swali kwa muda kabla sijaelewa. Katika `chama_zamani` kulikuwa na jedwali jingine lenye jina hilohilo, `malipo`, na lile la zamani lilikuwa na ufunguo wake mzima. Kwa kuwa niliuliza kwa jina tu, `malipo` mpya iliitikiwa na ufunguo wa `malipo` ya zamani. Ni kama kuita "Juma!" na Juma wa darasa jingine akaitika kupitia dirishani, nawe ukaweka alama ya kuwapo.

Nilipouongeza mstari ule, orodha ikawa na majedwali kumi na moja. La pili lililokuwa limejificha ni `dhamana`, linaloeleza ni mwanachama gani amemdhamini nani katika mkopo upi. Nalo lilikuwa na pacha wake katika kanzidata ya zamani.

Kosa hili ni rahisi zaidi kufanyika katika MySQL kwa sababu sharti la ufunguo msingi huko halina jina lake binafsi. Katika kila jedwali huitwa `PRIMARY`, basi. Anayeunganisha kwa jina la sharti badala ya jina la jedwali ataunganisha kila kitu na kila kitu. Jina la kanzidata na jina la jedwali, yote mawili kwa pamoja, ndiyo anwani kamili.

Kuna kosa jingine ambalo hukaa mahali pale pale. Ukiuhamisha mstari wa `constraint_type = 'PRIMARY KEY'` kutoka sehemu ya `ON` kwenda sehemu ya `WHERE`, orodha hurudi tupu. Utakuwa unadai mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja: kwamba upande wa pili ni mtupu, na kwamba upande huohuo una maneno "PRIMARY KEY". Hatari ya kosa hili ni kwamba jibu tupu lina sura ya habari njema. Mtu huona sifuri, anafurahi, anafunga kompyuta. Na ukiufuta mstari huo kabisa, jedwali lenye sharti lolote, hata lile la kuelekeza kwenye jedwali jingine tu, litahesabiwa kuwa limeitika.

Tangu siku ile siamini jibu la swali hili kabla ya kulijaribu. Natengeneza kanzidata ndogo ya majaribio, naweka ndani yake jedwali moja lisilo na ufunguo, tena nalipa jina ambalo tayari lipo kwingine na ufunguo wake. Jedwali hilo lisipotokea katika orodha, swali langu ni bovu. Likitokea, nalifuta na kuanza kazi.

Wanaotumia PostgreSQL wana jambo lao la kuangalia, nalo ni ruhusa. Humo, ukurasa wa masharti humwonyesha mtumiaji majedwali aliyoyamiliki au aliyopewa ruhusa fulani zaidi ya kusoma. Ukiingia kwa akaunti ya kusoma tu, ile wanayopewa watu wa ripoti, utayaona majedwali lakini hutayaona masharti yake, na swali lile litakuambia kwamba hakuna jedwali hata moja lenye ufunguo. Ukiona orodha imejaa namna hiyo, uliza kwanza umeingia kwa jina la nani. Upande wa pili, jedwali ambalo huna ruhusa nalo kabisa halionekani popote, kwa hiyo hutajua kama lina ufunguo au halina. Tena, katika PostgreSQL daftari hili huzungumzia kanzidata uliyoingia peke yake. Penye kanzidata tatu utauliza mara tatu. Katika MySQL swali moja hupita seva nzima.

Turudi kwa majedwali yetu kumi na moja. Orodha haisemi lipi ni la hatari. Inasema tu lipi limekosa. Safu ya `table_rows` husaidia kujua pa kuanzia, ila isichukuliwe kama hesabu. Kwa majedwali ya InnoDB, ambayo ndiyo mengi katika MySQL, namba ile ni makisio, na maelezo ya MySQL yenyewe yanakiri kwamba yanaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. Katika toleo la 8.0 makisio hayo huhifadhiwa kwa saa 24 kabla ya kufanywa upya. Hutosha kukuambia kwamba hili ni kubwa na lile ni dogo.

Nilikaa na mhasibu tukayapitia jina kwa jina, kwa sababu yeye ndiye aliyejua ni lipi linatumika. Matano yalikuwa nakala ambazo mtu alizifanya kabla ya kubadilisha jambo fulani, akazisahau. Mawili yalikuwa ya kupokelea mafaili ya kampuni ya simu kabla hayajaingizwa mahali pake. Moja halikuwa na ufunguo msingi lakini lilikuwa na safu yenye sharti la kutojirudia wala kuachwa wazi. Jedwali la namna hiyo liko salama kiasi, kwa kuwa InnoDB huichukua safu hiyo na kuitumia kama ufunguo. Yaliyobaki matatu ndiyo yaliyokuwa hai: `malipo`, `dhamana` na jedwali la ujumbe uliotumwa kwa wanachama.

Nilitaka kujua yaliupoteza wapi ufunguo wake. Jibu lilikuwa katika faili la maelekezo ya kuhama, mstari mmoja kwa kila jedwali:

```sql
CREATE TABLE chama.malipo AS SELECT * FROM chama_zamani.malipo;
```

Amri hii hubeba safu na taarifa zote, na mtu akitazama anaona jedwali limehama zima. Ila haibebi ufunguo msingi, wala faharasa, wala ile tabia ya namba kujiongeza yenyewe. Aliyehamisha aliifuta pia safu ya namba baadaye, akiona kwamba imejaa sifuri kwa kila malipo mapya. Njia iliyopaswa kutumika ni `CREATE TABLE ... LIKE`, inayonakili muundo pamoja na ufunguo, kisha taarifa zikaingizwa kwa amri ya pili. Katika kazi yangu, majedwali mengi yasiyo na ufunguo niliyoyakuta hayakubuniwa hivyo. Yalizaliwa na ufunguo, yakaupoteza njiani wakati wa kunakiliwa.

Kwa nini mashine ikubali jedlwali la namna hii? Ukweli ni kwamba InnoDB yenyewe haiwezi kuishi bila ufunguo, kwa sababu hupanga mistari kwenye diski kwa kuufuata. Isipopewa, hujitengenezea wake, namba ya baiti 6 iliyofichwa, chini ya faharasa iitwayo `GEN_CLUST_INDEX`. Mistari miwili ya mwanachama 0412 ilikuwa na namba tofauti huko ndani. Lakini namba hiyo haionekani wala haiwezi kutajwa katika amri yoyote. Mashine inawatofautisha mapacha, mama yao hawezi.

Kuna gharama nyingine kwa wenye seva ya pili inayonakili kila kinachofanyika katika ya kwanza. Seva ya kwanza ikibadilisha mstari, hupeleka habari kwa ya pili: mstari uliokuwa hivi sasa uwe hivi. Penye ufunguo, ya pili huuendea moja kwa moja. Pasipo na ufunguo wala faharasa nyingine inayofaa, hulazimika kupekua jedwali kuutafuta mstari unaofanana. Dalili yake ni seva ya pili kubaki nyuma kwa dakika, kisha kwa saa, siku ambayo mtu amefuta mistari mingi kwa amri moja. Baadhi ya mifumo ya seva kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, kama Group Replication ya MySQL, haikubali kuandika kwenye jedwali lisilo na ufunguo au kitu kinacholingana nao.

Kulitibu `malipo` kulianza na kutunza nakala rudufu ya kanzidata nzima, kisha tukasubiri ofisi ifungwe, maana amri ifuatayo hulijenga jedwali upya na kuzuia wengine kuandika humo mpaka imalizike:

```sql
ALTER TABLE chama.malipo
  ADD COLUMN id BIGINT UNSIGNED NOT NULL AUTO_INCREMENT FIRST,
  ADD PRIMARY KEY (id);
```

Baada ya hapo kila mstari ukawa na namba, na wale mapacha wakaweza kuitwa mmoja mmoja. Kabla ya kuitekeleza nilipekua programu ya ofisi kutafuta amri za kuingiza taarifa zisizotaja majina ya safu, kwani safu mpya ikitokea mbele amri hizo hugoma kwa sababu idadi haiwiani. Nilikuta mbili, nikazirekebisha.

Wengi huishia hapo, na mimi naona ni nusu ya kazi. Namba ya kujiongeza inautofautisha mstari na mwingine, lakini haizuii malipo yaleyale kuingizwa mara mbili. Yataingia tu na namba mbili. Kinachoyatambulisha malipo ya simu ni namba ya muamala inayotolewa na kampuni ya simu. Tukatafuta zilizojirudia:

```sql
SELECT namba_muamala, COUNT(*) AS mara
FROM chama.malipo
WHERE namba_muamala IS NOT NULL
GROUP BY namba_muamala
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Zilikuwa 37, zote za siku moja. Faili la kampuni ya simu lilikuwa limepakiwa mara mbili asubuhi ile. Hatukufuta kwa pamoja. Mama alichukua taarifa ya kampuni ya simu, nami nikasoma namba kwa sauti, yeye akaweka tiki, na kila ilipothibitika tukaufuta mstari wenye `id` kubwa. Ilituchukua saa moja na nusu. Kwa fedha za watu sijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kisha safu ya `namba_muamala` ikawekewa sharti la kutojirudia. Haikuweza kuwa ufunguo msingi, kwa sababu anayelipa taslimu dirishani hana namba hiyo, na ufunguo msingi haukubali nafasi tupu. Sharti la kutojirudia katika MySQL hukubali nafasi tupu nyingi, likakatalia zile zilizojaa tu. `dhamana` haikuhitaji namba mpya: mkopo na mdhamini kwa pamoja ndiyo ufunguo, kwa kuwa mtu hamdhamini mwenzake mara mbili kwa mkopo uleule. Zile nakala tano mhasibu aliomba zihifadhiwe nje ya seva, kisha zikafutwa.

Jambo la mwisho nililofanya lilikuwa kuwasha mpangilio uliomo katika MySQL tangu toleo la 8.0.13:

```sql
SET PERSIST sql_require_primary_key = ON;
```

Ukiwa umewashwa, jedwali lisilo na ufunguo halitengenezwi. Mtu anarudishiwa kosa namba 3750 na kazi inasimama. Haugusi majedwali ya zamani mpaka mtu ajaribu kuyabadilisha muundo, kwa hiyo hauondoi haja ya kuuliza lile swali la kwanza. Wenye matoleo ya nyuma hawana kizuizi hiki, nao inabidi waliulize kila baada ya kuhama au kupokea mfumo mpya. Ukiliuliza, hakikisha umelinganisha jina la kanzidata pamoja na jina la jedwali.